Shahidi wa kwanza kasema "mweupe", wa pili "maji ya kunde", wa tatu "mwekundu". Ni mtu mmoja au watatu?

Mfasiri_Tanga
Wadau, salaam. Nina maelezo ya mashahidi watatu ninayoyatafsiri kwenda Kiingereza. Watakaoyasoma wako Ulaya na Kiswahili hawakijui kabisa. Wote watatu wanamzungumzia kijana aliyeonekana akitoka dukani saa moja jioni. Wa kwanza: "Alikuwa kijana mweupe, mrefu, mwembamba." Wa pili: "Ni maji ya kunde, si mnene." Wa tatu, ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kikuyu: "Ni mwekundu hivi, mrefu."

Nikitafsiri neno kwa neno, msomaji wa kule atapata Mzungu mmoja, mtu wa kahawia mmoja, na wa tatu sijui atamchukuliaje. Nikiyalainisha yafanane, nitakuwa nimewasemea mashahidi. Mngefanyaje?

Kijiweni_Kwetu
Mkuu, hapo tatizo ni Kiswahili chenyewe. Utafiti wa majina ya rangi wa mwaka 1969 wa watafiti wawili, Berlin na Kay, ulionyesha kwamba lugha huanza na nyeusi na nyeupe, halafu nyekundu, kisha ndiyo zinakuja nyingine. Kiswahili kimeishia kwenye hizo tatu, nyingine zote tumeazima au tumetaja vitu. Kwa hiyo mtu asiyekuwa mweusi hana pa kwenda, ataitwa mweupe au mwekundu tu. Kiingereza kina rangi za msingi kumi na moja, kinaeleza watu kwa usahihi zaidi.

Mwl_Isimu
Kijiweni, nusu ya ulichosema ni kweli. Ni kweli kwamba vivumishi vya rangi vinavyopokea viambishi vya upatanisho ni vitatu: -eusi, -eupe, -ekundu. Tunasema mtu mweusi, kitu cheusi, nyumba nyeusi. Kijani, manjano na buluu havibadiliki hivyo, tunasema kitambaa cha kijani, vitambaa vya kijani. Lakini kutoka hapo huwezi kuruka ukasema Kiswahili kimekosa maneno ya ngozi. Shahidi wa pili amekupa neno "maji ya kunde", na hilo halimo kabisa katika zile tatu. Na Kiingereza chenye maneno kumi na moja, kikifika kwa watu, kazi kubwa kinayaachia maneno mawili, nyeusi na nyeupe, na hakuna aliye na rangi ya mkaa wala ya karatasi.

Sasa nije kwa Mfasiri. Neno "mweupe" kwetu lina kazi mbili, na lazima uzitenganishe kabla hujaandika chochote.

Kazi ya kwanza ni kutaja kundi. "Utawala wa watu weupe", "ukombozi wa mtu mweusi". Hapo rangi ya ngozi ya mtu fulani haiangaliwi, ni jina la kundi tu. Kazi ya pili ni kumlinganisha mtu na wenzake wa karibu. "Mtoto wa kwanza mweupe, huyu wa pili mweusi kama baba yake." Wote wawili ni Waafrika, wa tumbo moja, na hakuna anayeshangaa. Hapo "mweupe" linafanya kazi kama "mrefu", na mtu mrefu hana sentimita zake maalumu, ni mrefu ukimweka na wale anaokaa nao.

Kipimo changu ni "kuliko". Jaribu kulitia kwenye sentensi. "Ni mweupe kuliko kaka yake" inakwenda vizuri, basi ni rangi ya ngozi. "Ni Mzungu kuliko kaka yake" haiendi, labda uwe unaongelea tabia. Sentensi ya shahidi wako wa kwanza inakubali "kuliko" bila tabu, tena imekaa pamoja na mrefu na mwembamba, ambayo nayo ni maneno ya kulinganisha.

Halafu kuna ushahidi mwingine uliojificha. Mswahili akimwona Mzungu, anasema Mzungu. Akimwona Mhindi, Mwarabu au Mchina, majina hayo anayo mdomoni tayari. Shahidi aliyeacha neno "Mzungu" akachukua "mweupe" amekwisha kukuambia kitu. Ndiyo maana kumwandikia msomaji wa Ulaya neno lao la rangi nyeupe peke yake ni kosa, kwa sababu kwao neno hilo kwa mtu ni la kundi. Wao kwa ngozi wana maneno mengine, yenye maana ya ngozi angavu au iliyokoza. Nenda huko. Mimi ningeandika "kijana wa Kiafrika mwenye ngozi angavu".

Nyeri_Juu
Huyo wa tatu mimi namwelewa vizuri. Kwa Kikuyu mtu wa ngozi angavu ni *mutune*, na hiyo *-tune* ndiyo hiyo hiyo nyekundu ya nguo na ya damu. Akihamia Kiswahili anaibeba vilevile, inatoka "mwekundu". Hamaanishi mtu aliyeungua na jua wala mwenye hasira. Nairobi mjini vijana wangemwita "brauni", au "rangi ya thao", yaani rangi ya noti ya shilingi elfu moja. Kwa hiyo mwekundu wa huyo na mweupe wa yule wa kwanza wanaweza kuwa mtu yule yule kabisa.

Na si Kikuyu peke yake. Wayoruba kule Nijeria nao mtu wa namna hiyo humwita *pupa*, nyekundu.

Sista_Zamu
Samahani kuingilia. Kwa nini msitumie kipimo cha hospitali? Kuna ngazi za Fitzpatrick, za ngozi kuanzia ya kwanza hadi ya sita. Ya kwanza ni nyeupe kabisa, ya sita ni nyeusi kabisa. Mashahidi waulizwe ni namba ngapi, maneno yote haya yaishe.

Dkt_Ngozi
Sista, ngazi hizo zipo na tunazitumia, lakini hazikuundwa kutaja rangi. Daktari Fitzpatrick alizitengeneza mwaka 1975 ili kukadiria dozi ya mionzi kwa wagonjwa wa soriasisi, ugonjwa wa ngozi, waliokuwa wanatibiwa kwa dawa pamoja na mwanga wa urujuanimno. Swali lake kwa mgonjwa ni hili: ukikaa juani bila kujikinga, ngozi yako inaungua, au inakoza, au vyote viwili? Mwanzoni zilikuwa ngazi nne tu, za watu wenye asili ya Ulaya. Ya tano na ya sita ziliongezwa baadaye, na hapo ndipo Waafrika wengi walipobanwa. Kijana anayeitwa mweupe Temeke na jirani yake mweusi tii wanaweza wote kuandikwa tano au sita. Shahidi hawezi kujua kama kijana aliyepita mbele ya duka huungua akikaa juani.

Zamani kulikuwa na kifaa cha von Luschan, vigae vya kioo 36 vya rangi, unakiweka kimoja kimoja karibu na ngozi mpaka kilingane. Kiliachwa kwa sababu mpimaji huyo huyo, kwa mtu huyo huyo, alikuwa anapata namba tofauti mwanga ukibadilika. Siku hizi kinatumika kifaa kinachopiga mwanga kwenye ngozi na kupima kiasi kinachorudi, na kinawekwa upande wa ndani wa mkono wa juu, karibu na kwapa, mahali jua halifiki sana. Ukipima paji la uso la mvuvi, sehemu kubwa ya namba utakayopata ni ya jua.

Mfasiri, hilo la mwanga ndilo ningelitazama kwenye kesi yako. Saa moja jioni kwetu jua limekwisha kuzama au ndiyo linamalizikia. Kulikuwa na taa gani mbele ya duka? Baadhi ya zile taa za zamani za sodiamu hutoa manjano karibu peke yake, na chini yake macho hayatofautishi rangi, yanabaki na giza na mwanga tu. Taa ya ledi nyeupe ikimpiga mtu usoni kwa karibu humwongezea mng'ao. Mashahidi wawili wakisimama pande mbili za mlango mmoja wanaweza kuona ngozi mbili.

(Na saa yenyewe itafsiri vizuri, msomaji wako asije akaandika saa saba mchana.)

Mrembo_Ilala
Jamani mimi ni maji ya kunde na kila poda ninayonunua inanitoa majivu usoni. Niliagiza mtandaoni iliyoandikwa maji ya kunde, nayo ndiyo ileile. Nichukue rangi gani?

Dkt_Ngozi
Dada, swali lako liko pembeni kidogo lakini jibu lake linamsaidia hata Mfasiri. "Maji ya kunde" ni jina la eneo pana, huwezi kuagizia poda. Chemsha kunde nyekundu uone. Dakika za mwanzo maji yanakuwa na wekundu hafifu, baadaye yanakuwa kahawia, ukiyaacha yakaungana na kunde yanakoza sana. Watu wote wa katikati ya sufuria hiyo wanaitwa maji ya kunde. Nenda dukani, paka tatu tofauti kwenye taya, toka nje juani, subiri kama dakika kumi, ile isiyoonekana ndiyo yako. Majivu hutokea poda ikiwa na unga mweupe mwingi, au ikiwa inaelekea upinki wakati ngozi yako inaelekea manjano au wekundu.

Ami_Maskati
Assalaam alaykum. Niongeze upande wa Kiarabu, maana huku tunakaa na lugha mbili kila siku. Waarabu wa kale wakitaka kuwataja watu wote walisema "wekundu na weusi", na katika hadithi Mtume anasema ametumwa kwa mwekundu na mweusi. Wafasiri wengi walieleza kwamba wekundu ni Waajemi na Warumi, weusi ni Waarabu na wengine wa ngozi iliyokoza. Wako waliosema ni watu na majini. Jina la Humaira, ambalo pwani tunawapa mabinti zetu, limetoka kwenye neno hilohilo la wekundu.

Sudani ndiyo utashangaa. Mtu wa kahawia iliyokoza anaitwa *akhdar*, kijani, na mweusi sana anaitwa *azrag*, buluu. Mfasiri asiyejua atamwandika mtu wa buluu mahakamani.

Kijiweni_Kwetu
Ami, hao wa buluu nimewahi kuwasikia kwa Waayalandi pia. Au nakosea?

Mwl_Isimu
Hukosei. Kwa Kiayalandi mtu mweusi kwa maana ya kundi huitwa *fear gorm*, na *gorm* leo ni buluu. Neno lao la nyeusi, likiwekwa kwa mtu, lilikuwa limekwisha kushikwa na kazi nyingine: mtu mwenye nywele nyeusi, na pia shetani. Ami ametuletea jambo kubwa hapa. Neno la rangi likienda kwa mtu, linachukua nafasi iliyo wazi katika lugha hiyo. Haliendi kutafuta rangi halisi.

Hata haya makundi ya Kizungu hayakutoka kwenye kipimo cha ngozi. Mwaka 1735 mwanasayansi wa Uswidi, Linnaeus, aliwagawa watu mafungu manne kwa mabara na kila fungu akalipa rangi: Ulaya weupe, Amerika wekundu, Asia kahawia ya giza, Afrika weusi. Katika toleo la 1758 watu wa Asia aliwabadilishia rangi, akawapa neno la manjano iliyopauka. Ngozi ya watu wa Asia haikubadilika kwa ile miaka 23.

Mtakwimu
Mfano wa kuona neno likishindwa ni Brazili. Mwaka 1976 walifanya uchunguzi wa kaya, wakawaacha watu wajitajie rangi zao wenyewe bila kuwachagulia. Yakatoka maneno zaidi ya 130. Sensa yao lakini ina visanduku vitano tu: nyeupe, nyeusi, parda, manjano, na wenyeji wa asili. Parda ni kahawia ya mchanganyiko. Sensa ya 2022 ilitoa parda asilimia 45.3, weupe 43.5, weusi 10.2. Kila mtu alijitaja au alitajwa na mtu wa nyumbani mwake. Sasa mtu akikuambia "Brazili ina weusi asilimia kumi", muulize ni kwa kisanduku kipi, kwa sababu takwimu zao nyingine hujumlisha nyeusi na parda kuwa kundi moja, na hapo wanazidi nusu ya nchi.

Sista_Zamu
Nimeelewa Daktari, asante. Lakini naomba kuuliza: je, shahidi wa kwanza hakumaanisha mtu mwenye ualbino? Huku kwetu wapo wanaomwita "yule mweupe" ili wakwepe lile neno la zamani.

Mwl_Isimu
Sista, umeleta jambo ambalo mimi sikulifikiria. Ni kweli, "zeruzeru" sasa linahesabika tusi, na "mtu mwenye ualbino" ni refu, kwa hiyo wengine hukimbilia "mweupe". Ila shahidi anayeeleza alivyomtambua mtu angetaja nywele kwanza, au macho kusumbuliwa na mwanga, au kofia. Hakuna kati ya hao watatu aliyetaja. Naona uwezekano ni mdogo, lakini siwezi kuufuta.

Wakili_Mtaa
Mwalimu, mafunzo yako mazuri lakini hiyo tafsiri yako naikataa. Umeandika "kijana wa Kiafrika". Nani kasema Kiafrika? Shahidi hakusema. Umelitoa kwenye kanuni yako kwamba angekuwa Mzungu angeitwa Mzungu. Hiyo ni hoja ya kutolewa mbele ya hakimu, na upande wa pili uwe na nafasi ya kuipinga. Je, akiwa chotara? Akiwa Mwarabu wa pwani? Akiwa Msomali? Wote hao huitwa weupe, na kwa mtu wa Ulaya kila mmoja ana kisanduku chake.

Nimeona maelezo yakiharibika kwa namna mbili. Moja ni ile aliyoiogopa Mfasiri: neno kwa neno, mashahidi wanaonekana wanapingana wakati hawapingani. Ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu haionekani. Mfasiri anawalinganisha wote watatu, wote wanakuwa "ngozi angavu", hakimu anasoma mashahidi watatu waliokubaliana kwa neno moja. Kumbe yule wa maji ya kunde pengine alimwona mtu aliyekoza zaidi. Umewatengenezea ushahidi.

Mwl_Isimu
Wakili, hapo umenishika. Ondoa "wa Kiafrika". Ibaki "kijana mwenye ngozi angavu".

Wakili_Mtaa
Na neno lenyewe la Kiswahili libaki ndani ya mabano ya mraba kila linapotokea, mara zote tatu, kila moja na tafsiri yake. Halafu tanbihi moja chini inayosema mambo mawili tu: maneno haya hulinganisha mtu na watu wa mahali pale, na eneo la neno moja linaingiliana na la jingine. Usiseme kama ni mtu mmoja. Hilo si lako.

Nyeri_Juu
Hata mimi nakubali. Ila kwa "mwekundu" tanbihi iseme kwamba shahidi anaongea Kikuyu. Bila hivyo hata Mtanzania hatalielewa vizuri, maana wako Watanzania ambao mwekundu kwao ni mtu wa mkorogo, ngozi imechubuka ikawa nyekundu mashavuni.

Wakili_Mtaa
Hiyo ya mkorogo inaonyesha kwa nini ni bora aulizwe mwenyewe. Kama mashahidi bado wanapatikana, ombi liandikwe, aulizwe maswali ya wazi. "Ukisema mwekundu, unamlinganisha na nani?" "Kati ya watu unaowajua, ni nani mwenye rangi inayokaribia yake?" "Taa ilikuwa wapi?" Asiulizwe "alikuwa mweupe kama huyu hapa?", maana hapo umemwekea jibu mdomoni. Na ikiwa ni ukalimani wa ana kwa ana, mkalimani asikisie. Amwambie hakimu kwamba neno lina maana zaidi ya moja, aombe ruhusa ya kuuliza.

Dkt_Ngozi
Na kama kuna picha ya kamera ya dukani, msiiamini kwa rangi. Kamera inajipangia mwanga kwa wastani wa picha nzima. Mtu akiwa mbele ya ukuta mweupe uso unatoka mweusi kuliko alivyo, akiwa mbele ya mlango wenye giza uso unapauka. Tazameni urefu na mwendo, rangi iacheni. Kama kwenye picha hiyohiyo yumo mtu mwingine aliyesimama palepale, na mtu huyo anajulikana, basi mlinganisheni naye. Hapo angalau mwanga ni mmoja.

Mfasiri_Tanga
Nawashukuru wote. Nilivyoandika mpaka sasa, nikiirudisha kwa Kiswahili ili mkague:

Wa kwanza: "Alikuwa kijana mwenye ngozi angavu [mweupe], mrefu, mwembamba."
Wa pili: "Ana ngozi ya kahawia isiyokoza sana [maji ya kunde], si mnene."
Wa tatu: "Ana ngozi angavu yenye wekundu kidogo [mwekundu hivi], mrefu."
Tanbihi: "Maneno yaliyo kwenye mabano hutumika kumlinganisha mtu na watu wa eneo lake, na maana zake huingiliana. Hayataji kundi la asili. Shahidi wa tatu anaongea Kikuyu nyumbani. Katika lugha hiyo neno la nyekundu hutumika kwa mtu mwenye ngozi angavu."

Nimepeleka pia ombi la shahidi wa tatu kuulizwa upya, na swali la taa kwa wote watatu.

Wakili_Mtaa
Ya kwanza na ya pili sawa. Ya tatu, "yenye wekundu kidogo" umeipata wapi? Kama kwa Kikuyu ni ngozi angavu tu, basi wekundu umeuongeza wewe.

Nyeri_Juu
Lakini alisema kwa Kiswahili, Wakili, hakusema kwa Kikuyu. Na akasema "hivi". Pengine aliuona wekundu kweli.

Mwl_Isimu
Mimi ningeuondoa wekundu kwenye tafsiri na kuuacha kwenye mabano tu. Ila hoja ya Nyeri ina uzito, mtu anayeongea lugha mbili anaweza kuchanganya maana za zote mbili. Mfasiri, acha nafasi hiyo wazi mpaka jibu la shahidi lirudi.

Mfasiri_Tanga
Sawa, Mwalimu. Nimeweka alama pale, nasubiri.